Slaidi Themanini na Nne, Ukurasa Mmoja

Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi karibu na paa za majengo, upepo hakuna, na mvua iliyotishia tangu alfajiri haikunyesha wala haikuondoka.

Dada Ripoti aliutundika mwavuli wake mkavu nyuma ya kiti, akakaa, akafumba macho. Alikuwa na desturi ya kuomba kidogo kabla ya kuwasha kompyuta. Vijana wa ofisi walishazoea. Waliomkuta amefumba macho walipita kwa kunyata, na wao ndio waliompa jina hilo, kwa sababu kila ripoti ya kampuni ilipitia mikononi mwake. Kampuni ilikuwa ya kusafirisha vifurushi. Miaka mingi alikaa kaunta kupokea mizigo ya watu, hadi masomo ya jioni yalipompandisha ghorofa ya tano, kitengo cha mipango.

Alipofumbua macho, mkuu wa kitengo alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai. Huyu naye walimwita kwa jina la utani, Mkasi, ila si mbele yake. Hakuna sentensi iliyomfikia ikatoka na urefu wake.

"Amina," alisema Mkasi. "Zimefika zote?"

"Zote, bosi. Slaidi themanini na nne."

"Jana zilikuwa themanini."

"Watu wa masoko wameongeza picha."

"Picha za nini?"

"Zao wenyewe, kwenye maonyesho. Wamevaa fulana mpya."

Mkasi alicheka kwa pua. "Haya. Alhamisi saa tatu wakubwa wanakaa. Unajua mambo yetu."

Dada Ripoti aliyajua. Kila robo mwaka ikiisha, kila idara ilileta slaidi zake za mapitio: fedha, uendeshaji, masoko, teknolojia, utumishi. Zikaunganishwa zikawa furushi moja ambalo hakuna mkurugenzi aliyewahi kulifungua. Wakurugenzi walisoma ukurasa mmoja. Upande mmoja wa karatasi, herufi zisipungue ukubwa wa kumi na moja, tanbihi marufuku. Juu kabisa liwekwe jambo linaloombwa kuamuliwa, chini yake jumbe kuu, zisizidi tatu, kisha jedwali dogo la vituo vinne lenye rangi: kijani kwa kilichofikia lengo, njano kwa kilichokaribia, nyekundu kwa kilichoanguka. Mwisho hatari zilizopo na hatua zinazofuata.

"Mkurugenzi mkuu anasoma akisubiri lifti," Mkasi alipenda kusema. "Lifti ikifunguka, sisi tumekwisha."

Dada Ripoti alizisoma slaidi zote, moja baada ya nyingine, kama alivyosoma kila robo, kwa sababu aliamini huwezi kufupisha usichokielewa. Alipofika ya arobaini na saba alisimama.

Ilikuwa chati ya uwasilishaji kwa wakati, kituo kwa kituo. Lengo lilikuwa asilimia tisini. Kituo cha Bondeni kilikuwa na sabini na moja. Kilichomshtua zaidi kilikuwa kwenye slaidi ya sabini na tisa, ambako idara ya fedha iliandika ombi lake: mkataba wa pango la Bondeni unaisha Desemba, na kwa kuwa huduma yake imeshuka, usiendelezwe, kazi zihamie Kituo Kikuu.

Bondeni kulikuwa na wafanyakazi arobaini na sita. Msimamizi wao alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, na Dada Ripoti aliishi nyumbani kwao.

Alirudi kwenye slaidi ya arobaini na saba, akaikuza. Chini ya chati kulikuwa na maelezo ya maandishi madogo. Alimwita Mchambuzi, binti aliyetengeneza chati zote, ambaye meza yake ilikuwa hatua chache kutoka hapo.

"Mwanangu, njoo unieleze hapa kama unamweleza mtu wa kaunta."

Mchambuzi aliburuta kiti. "Mama, ni hivi. Julai na Agosti kituo cha Darajani kilifungwa, si unakumbuka? Walikuwa wanatengeneza sakafu. Mizigo yao yote ikapelekwa Bondeni."

"Nakumbuka."

"Sasa, mfumo unaanza kuhesabu saa tangu mzigo unapopokelewa kaunta ya kwanza. Mzigo ulikuwa na lebo ya Darajani. Unafika Darajani, unakuta geti limefungwa, unageuzwa, unaenda Bondeni. Ukifika Bondeni umeshachelewa. Lakini anayeandikwa kuchelewesha ni yule aliyeutoa mwisho."

"Yaani Bondeni."

"Bondeni. Nimekaa nikaitoa mizigo ya Darajani kwa mkono, mmoja mmoja. Mizigo ya Bondeni yenyewe ni asilimia tisini na mbili."

"Na Darajani wana rangi gani?"

Mchambuzi alifunika mdomo asicheke. "Kijani, mama. Tisini na nne. Walifanya kazi Septemba tu."

"Wamefunga milango wakapata kijani."

"Ndiyo. Na waliowabebea mzigo wamepata nyekundu."

Dada Ripoti hakucheka. "Na Bondeni Septemba, baada ya Darajani kufunguliwa?"

"Tisini na moja. Hiyo hata sikuihesabu mimi, iko kwenye mfumo. Julai sitini na moja, Agosti sitini na sita, Septemba tisini na moja."

Jioni hiyo nyumbani walikula mapema. Watoto walipomaliza, walimkimbilia mama yao mkubwa awasaidie hesabu, lakini baba yao aliwaondoa mezani.

"Mwacheni mama mkubwa apumzike," alisema shemeji. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuongea juu ya injini za magari. Alingoja hadi mlango wa chumba cha watoto ulipofungwa. "Shemeji. Sisi tuko rangi gani?"

"Shemeji, unajua siwezi kusema."

"Sijauliza namba. Nimeuliza rangi."

"Muache dada," alisema mdogo wake kutoka jikoni. "Unamtafutia balaa kazini."

"Namwuliza rangi tu! Hata mtoto wa chekechea anaulizwa rangi." Alijaribu kucheka, kisha akashindwa. "Watu wananiuliza kila siku. Yule mama wa kufungasha amechukua chumba karibu na kituo, amelipa hadi Juni. Nimwambie nini?"

Dada Ripoti aliangalia mikono yake. "Mwambie tunamwomba Mungu."

"Basi ni nyekundu," alisema shemeji, akainuka.

Jumatano asubuhi aliandika ukurasa. Mara ya kwanza ulitoka kurasa tatu, akapunguza ukawa mbili, akapunguza tena ukawa mmoja na mistari minne. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Alitoa kila "kwa ujumla", kila "ikumbukwe kwamba", kila sifa ambayo idara ilijipa yenyewe. Mapato yamepanda asilimia sita kulinganisha na robo iliyopita, nne juu ya lengo: hiyo ikabaki. Programu ya simu ya wateja imezinduliwa: ikabaki. Ujumbe wa tatu ulikuwa Bondeni. Alitaka uwe na sentensi moja zaidi, na sentensi hiyo ilihitaji mistari miwili ambayo haikuwepo.

Mkasi aliusoma akiwa amesimama, kalamu mkononi. "Hii ya Bondeni ni ndefu."

"Bosi, bila hiyo ukurasa unasema uongo."

"Ukurasa hausemi uongo. Namba ni sabini na moja, iko kwenye mfumo."

"Namba ni ya kweli. Atakachoelewa mtu akiisoma ndicho cha uongo."

Mkasi alimtazama juu ya miwani. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kukaa kwenye chumba cha wakubwa akieleza jambo la maana kwa dakika kumi, akaona mmoja anachagua viatu kwenye simu. Tangu siku hiyo aliamini kitu kimoja tu, ufupi. "Nitakupa mistari miwili," alisema, "ukinitafutia mistari miwili. Sipunguzi herufi. Nenda kaombe wenye nayo."

Dada Ripoti alishuka ghorofa ya tatu kwa mkuu wa teknolojia, kijana ambaye programu yake ya simu ilikuwa imekula mistari mitatu.

"Dada Ripoti! Umekuja kunikata?"

"Nimekuja kukuomba. Hapa umeandika programu imezinduliwa kwa mafanikio makubwa na kupokelewa vizuri sana na wateja wetu wapendwa."

"Sasa kuna uongo hapo?"

"Imepakuliwa na watu wangapi?"

Kijana alikuna shingo. "Bado wanapakua."

"Basi tuseme imezinduliwa. Wapendwa watajijua wenyewe."

Kijana alicheka hadi akapiga meza. "Chukua, dada. Chukua na wapendwa wako. Lakini robo ijayo uniwekee mstari mnene."

Ulipatikana mstari mmoja na nusu. Nusu iliyobaki alimnyang'anya Mkasi mwenyewe, kwenye hatua zinazofuata, na Mkasi akakubali kwa kunung'unika. Kufika saa sita ukurasa ulikuwa mmoja, na katikati yake palisomeka: *Bondeni ilibeba mizigo ya Darajani Julai na Agosti, bila mizigo hiyo imefikia asilimia 92, na Septemba pekee 91.* Dada Ripoti aliisoma kwa sauti ndogo, mara mbili. Alimshukuru Mungu papo hapo, kwenye korido, karibu na mashine ya kuchapa.

Simu ya mezani ililia saa nane. Alikuwa mkuu wa fedha, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Fedha, na yeye alilipenda jina hilo.

"Njoo na ukurasa wako."

Ofisi yake ilikuwa baridi kwa kiyoyozi. Nakala ya ukurasa ilikuwa tayari mezani kwake, ule mstari wa Bondeni umezungushiwa wino.

"Kaa, mwenzangu. Hii tisini na mbili imetoka wapi?"

"Kwa Mchambuzi. Iko chini ya slaidi ya arobaini na saba."

"Imetoka kwenye mfumo?"

"Ameihesabu kwa mkono. Mfumo hauwezi kutenganisha."

"Nani ameisaini?"

Sheria waliijua wote wawili: namba isiyotoka kwenye mfumo haiingii kwenye ukurasa wa wakurugenzi mpaka mkurugenzi wa idara husika aithibitishe. Na mkurugenzi wa uendeshaji alikuwa safarini.

"Unaniletea ukurasa," aliendelea Mama Fedha, bila kupandisha sauti, "juu ninaomba kituo kifungwe, katikati unanijibu kwamba kisifungwe. Huo ni muhtasari au ni wakili?"

"Mama, ni maelezo tu."

"Mh. Na msimamizi wa Bondeni si shemeji yako?"

Dada Ripoti alijiona kama aliyekamatwa na kitu cha mtu mfukoni.

"Ni shemeji yangu."

"Sijasema kitu. Nimeuliza tu. Maana na wengine watauliza."

Alirudi ghorofa ya tano. Mkasi alikuwa ameshampigia mkurugenzi wa uendeshaji mara tatu. Majibu yalikuja karibu na saa kumi, ujumbe mfupi kutoka kwenye foleni ya uwanja wa ndege: *Hiyo namba sijaiona siwezi kusaini. Andikeni kwa kifupi tu kwamba waliathiriwa na shughuli za muda. Napanda ndege.*

"Shughuli za muda," alisema Mkasi. "Basi angalau kuna kitu."

"Bosi, hiyo haisemi chochote."

"Inasema kuna sababu. Mwenye akili atauliza, na tukiulizwa tunafungua slaidi. Wewe utakaa pale na kompyuta, slaidi ya arobaini na saba iko tayari." Aliangalia saa. "Katibu wa mkurugenzi mkuu anataka kuchapa kabla ya kutoka. Toa hiyo sentensi, weka hiyo nyingine. Na dada, kwa jambo la shemeji yako, mimi ningekuwa wewe nisingepigana zaidi. Hata ukishinda watasema ulimbeba."

Dada Ripoti alikaa mbele ya kompyuta. Aliweka alama sentensi yote, kuanzia Bondeni hadi nukta ya mwisho, akaifuta kwa kubonyeza mara moja. Akaandika: *Matokeo ya Bondeni yaliathiriwa na shughuli za muda.* Ilikuwa fupi. Mistari iliyobaki ilijaa nafasi nyeupe, na Mkasi akasema ukurasa sasa unapumua.

Aliomba usiku huo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakuomba wasifunge. Aliomba mtu mmoja tu aulize.

Alhamisi saa tatu wakurugenzi walikuwa sita kuzunguka meza, kila mmoja na karatasi yake moja. Mkasi na Dada Ripoti walikaa kwenye viti vya ukutani. Kompyuta ilikuwa magotini mwake, slaidi ya arobaini na saba imefunguka, waya wa kuunganisha na skrini kubwa uko mkononi. Mkurugenzi wa uendeshaji alikuwa amefika moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, macho mekundu, sanduku lake dogo limeegemea mguu wa meza.

Mkurugenzi mkuu alisoma ombi la kwanza. Wakazungumza mapato, wakapongezana. Wakafika kwenye jedwali. Vidole vyote vilikwenda palipokuwa na rangi nyekundu.

"Bondeni tena," alisema mmoja.

"Ngojeni," alisema mwingine, mwanamke wa makamo aliyekuwa mgeni kwenye bodi hiyo ya uongozi. "Hapa imeandikwa shughuli za muda. Ni shughuli gani?"

Dada Ripoti alichomeka waya. Aliomba na kushukuru kwa pumzi moja.

Macho yalimgeukia mkurugenzi wa uendeshaji. Alipangusa uso kwa kiganja. "Ni ule ukarabati wa Darajani. Kulikuwa na kuhamisha hamisha mizigo. Lakini hayo yalikwisha mwezi wa nane."

"Yalikwisha Agosti?"

"Yalikwisha. Sasa kila mtu yuko kwake."

Yule mwanamke aliangalia tena karatasi yake. "Kwa hiyo shughuli zimekwisha na bado wako nyekundu."

Wengine waliitikia kwa vichwa, kama watu wanaoona jambo limeeleweka.

Hapo ndipo Dada Ripoti alipoona alichokifanya. Namba ya tisini na mbili ilikuwa ya Mchambuzi, haikusainiwa, sawa. Lakini tisini na moja ya Septemba ilikuwa ya mfumo. Haikuhitaji saini ya mtu. Hakuna aliyeikataa. Ilikuwa imekaa ndani ya sentensi ile ile, na alipoifuta sentensi aliifuta pamoja nayo. Neno moja na tarakimu mbili zingeenea kwenye ile nafasi nyeupe na nyingine ikabaki.

Alisimama bila kujua amesimama. "Mheshimiwa, samahani. Slaidi ya arobaini na saba inaonyesha mwezi kwa mwezi."

Mkasi alimvuta sketi kidogo, kisha akaiachia.

Mkurugenzi mkuu alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemsimamisha mtoto asikimbie barabarani. "Mama, tunashukuru sana. Lakini tulikubaliana hapa hatufungui slaidi, tukianza na moja tutamaliza jioni. Kama jambo lilikuwa la muhimu, lingekuwa kwenye ukurasa."

"Ni namba moja tu, mheshimiwa. Septemba..."

"Tuletee kwa maandishi. Robo ijayo tutaiangalia."

Mama Fedha aliinamisha kichwa, akaandika kitu. Hakuonekana amefurahi wala amehuzunika. Mkurugenzi wa uendeshaji alikuwa akisoma karatasi yake kwa mara ya kwanza, midomo ikitembea, na alipofika mahali fulani aliinua macho kumtazama Dada Ripoti, kisha akayarudisha chini. Wakaafiki wote. Mkataba wa Bondeni usiendelezwe. Jambo linalofuata: programu ya simu.

Kwenye lifti Mkasi alibonyeza namba tano na kusimama akitazama mlango. "Nilikosea," alisema. "Nilidhani swali likiulizwa tumepona."

"Na mimi niliomba liulizwe," alisema Dada Ripoti.

Jioni hakuweza kula. Alimwita shemeji nje, kwenye ngazi, akamwambia kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Alimweleza yote, pamoja na Septemba. Shemeji alimsikiliza akiwa ameshika nguzo ya ngazi.

"Kwa hiyo wangeona tisini na moja."

"Sijui kama wangebadilika, shemeji. Lakini wangeiona."

"Na mimi ndiyo sababu ulinyamaza." Haikuwa swali. "Ungekuwa huna shemeji Bondeni, ungepigana."

Dada Ripoti aligeuka. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, na kwa uso wake alijua amesikia. Hakusema neno la kumlaumu. Alisema tu kwamba chakula kinapoa, akaingia ndani, na sauti ya sahani ikasikika muda mrefu kuliko sahani zilizokuwepo.

Ijumaa mchana mkurugenzi wa uendeshaji alikwenda Bondeni kutangaza, na Mkasi alimtuma Dada Ripoti akaandike kumbukumbu. Wafanyakazi walikusanyika kwenye banda la kupakia, wengine wamekaa juu ya mizani, wengine juu ya vifurushi. Mkurugenzi alisoma tangazo. Lilikuwa fupi. Kazi zinahamia Kituo Kikuu, nafasi kule ni tisa, maombi yapelekwe utumishi. Aliuliza kama kuna maswali, na kabla hawajajipanga kuuliza alisema dereva anamsubiri.

Gari lilipotoka getini, hakuna aliyeondoka. Shemeji alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Yule mama wa kufungasha, mwenye utepe wa gundi bado kwenye kifundo cha mkono kama bangili, alimwelekea Dada Ripoti.

"Wewe ndiye dada yake mke wa msimamizi?"

"Ndiye mimi."

"Na wewe ndiye unayeandika zile karatasi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Sasa sisi tulikosa nini? Hebu tuambie. Tuliambiwa tubebe mizigo ya Darajani, tukabeba. Mgongo wangu huu haujanyooka mpaka leo."

"Hamkukosa kitu." Alifungua kompyuta juu ya meza ya mizani, akawasomea maelezo yote ya slaidi ya arobaini na saba, neno kwa neno, hata yale ya lebo na geti lililofungwa.

Walisikiliza hadi mwisho. Kijana mmoja wa kupakia alicheka, kicheko kikavu. "Mama, haya yote sisi tunayajua. Unatusomea sisi?"

"Hawakutaka kunisikia kule."

"Basi ndiyo umetuletea sisi. Asante kwa habari."

Wengine walicheka naye. Shemeji alisema, "Acheni," lakini si kwa nguvu.

"Mimi nataka kitu kimoja," alisema mama wa kufungasha. "Nafasi tisa sizipati, na umri huu. Nitakwenda kuomba kazi kwa watu wengine. Watauliza ulitoka wapi, nitasema Bondeni. Watasema, kile kilichofungwa kwa uzembe. Nitawajibu nini?"

"Utawapa barua," alisema Dada Ripoti.

"Barua ya nani? Utumishi wanaandika mistari miwili: fulani alifanya kazi hapa, basi."

"Yangu."

"Wewe una cheo gani?"

"Sina cheo. Ninajua mlichofanya."

"Hiyo barua itakuwa na kurasa ngapi?" aliuliza yule kijana. "Maana ikizidi mmoja nani ataisoma?"

Hakuna aliyecheka safari hii, hata yeye. Kijana alikuwa na haki. Dada Ripoti alifikiria meza zote ambazo barua hizo zingefikia, na mikono ambayo ingezigeuza kuona kama zinaendelea nyuma, na kuziweka kando. Aliomba moyoni apewe neno, na hakupewa. Alifunga kompyuta. Akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza ya mizani, palipokuwa na vumbi la maboksi, mbele ya shemeji yake, mbele ya mama wa kufungasha na wote waliokuwa bandani, akasema:

"Mungu ananisikia na ninyi mnanisikia. Nitamwandikia kila mmoja wenu barua yake, yenye Julai, yenye Agosti na yenye Septemba, nitaisaini kwa jina langu, na sitatoa hata neno moja ili itoshe kwenye ukurasa. Naahidi."